Kabla hujamlipa kocha wa mbio, omba kuiona wiki ya kwanza

Watu wengi wanaotafuta kocha wa kukimbia huanza kwa kuangalia mambo yaliyo rahisi kuonekana: medali zake, picha za wanafunzi wake wakivuka utepe, vyeti alivyotundika. Wanaotafuta ratiba mtandaoni huangalia kichwa cha habari: nusu marathoni kwa wiki 12, marathoni chini ya saa nne. Hayo yote yanakueleza yeye ni nani au anauza nini. Hayakuelezi kama ameshajua wewe unatokea wapi, na sehemu kubwa ya madhara ya ratiba mbovu hutokea hapo, katika wiki tatu au nne za mwanzo, mwili unapopewa kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea zaidi kwenye kusoma ratiba yenyewe na kusikiliza majibu ya kocha, kwa sababu haya unaweza kuyapima kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 1: Andika hali yako kabla ya kuangalia ratiba ya mtu yeyote

Chukua karatasi uandike mambo manne. Kwanza, jumla ya kilomita ulizokimbia kila wiki katika wiki nne zilizopita. Usiandike ulizopanga, andika ulizokimbia kweli. Pili, mbio ndefu kuliko zote uliyokimbia kwa mkupuo mmoja ndani ya siku 30. Tatu, muda wako wa karibuni kwenye umbali unaojulikana, kilomita 5 au 10, uliokimbia kwa juhudi yote. Nne, siku ngapi kwa wiki unaweza kukimbia bila kudanganya ratiba ya kazi na familia, pamoja na sehemu yoyote ya mwili iliyokusumbua mwaka huu au uliopita.

Tumchukue mkimbiaji wa mfano tutakayekwenda naye mpaka mwisho. Anakimbia mara tatu kwa wiki: kilomita 6, kilomita 6, na kilomita 10 siku ya mapumziko ya kazi. Jumla 22. Mbio yake ndefu ya mwezi huu ni hiyo ya 10. Alikimbia kilomita 10 za mashindano kwa dakika 60. Anaweza kupata siku nne kwa wiki, na mwaka jana muundi wa mguu wa kushoto ulimuuma kwa muda. Ana wiki 12 kabla ya nusu marathoni.

Hatua ya 2: Omba kuiona wiki ya kwanza, kisha wiki nzito kuliko zote

Muuzaji wa ratiba asiyekubali kukuonyesha hata wiki moja kabla hujalipa, achana naye. Mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kuificha yote. Kocha, kwa upande wake, hawezi kukupa wiki ya kwanza kabla hajakuuliza maswali, na hilo ni jema. Kocha anayekutumia ratiba kamili dakika chache baada ya salamu hajaiandika kwa ajili yako, alikuwa nayo tayari.

Sasa linganisha. Mkimbiaji wetu amepata ratiba mbili mtandaoni. Ya kwanza inaanza na siku tano za kukimbia, jumla kilomita 38, mbio ndefu ya kilomita 14, na siku mbili za kasi. Wiki zinazofuata ni 42, 46, 50, 54, bila wiki hata moja ya kushuka hadi karibu na siku ya mashindano. Kwenye skrini inapendeza: rangi nzuri, mpangilio safi, na ukurasa wa kwanza unasema ni ya wanaoanza.

Lakini yeye anatoka kwenye 22. Kupanda hadi 38 katika wiki moja ni kuongeza zaidi ya theluthi mbili ya mzigo wake, huku siku za kukimbia zikitoka tatu kwenda tano na siku mbili za kasi zikiongezwa juu yake. Mapafu na moyo vinaweza kuvumilia hayo kwa muda, maana huzoea upesi. Mifupa na kano huchelewa, kwa miezi. Ndiyo maana mtu hujisikia ana nguvu kabisa katika wiki ya tatu, halafu katika ya tano au ya sita muundi unaanza kuuma.

Ratiba ya pili inaanza na kilomita 23, siku nne, mbio ndefu ya 10, yaani ile ile anayoifanya tayari. Zinafuata 25 na 27, kisha wiki ya nne inashuka hadi 21. Inapanda tena 28, 30, 33, inashuka 26, halafu 34 na 36, na wiki mbili za mwisho zinapunguzwa. Mbio ndefu inakwenda 10, 11, 12, inarudi 9, kisha 13, 14, 15, inarudi 11, halafu 16 na 17. Haivutii hata kidogo. Wiki ya kwanza anaweza kuona kama analipia kitu anachokifanya bure. Hii ndiyo ya kuchukua.

Wengi watakuambia kanuni ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, na wapo makocha wanaoitamka kama sheria ya maumbile. Si sheria. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2008 uliwagawa wakimbiaji wapya katika makundi mawili, moja likifuata ratiba ya kupanda taratibu kwa kanuni hiyo na jingine ratiba ya kawaida iliyokuwa fupi zaidi. Mwishowe, katika kila kundi karibu mmoja kati ya watano aliumia. Utafiti mwingine wa 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba kinachohusiana zaidi na kuumia ni mbio moja inayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio ndefu kuliko zote uliyokimbia katika siku 30 zilizopita. Kwa hiyo unapoisoma ratiba, usiishie kwenye jumla ya wiki. Fuata safu ya mbio ndefu kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kutoka 10 hadi 14 ni ruko la asilimia 40. Kutoka 10 hadi 11 ni hatua ya kawaida.

Na ukiona wiki ambayo mbio ndefu ni karibu nusu ya kilomita zote, kama 17 kati ya 36 hapo juu, usishtuke mara moja. Kwa anayekimbia siku nne tu na kujiandaa kwa nusu marathoni, ni vigumu kuepuka. Cha kuangalia ni kama imefikiwa kwa ngazi na kama siku zinazoizunguka ni nyepesi.

Hatua ya 3: Uliza kasi zilizoandikwa zimetoka wapi

Hapa ndipo ratiba za mtandaoni huanguka kimyakimya. Mkimbiaji wetu akiulizwa na fomu "unataka kumaliza kwa muda gani?" ataandika saa 1 na dakika 50, kwa sababu inasikika vizuri. Mfumo unagawa muda huo kwa kilomita 21.1 na kupata dakika 5 na sekunde 13 kwa kilomita. Kisha unampangia kilomita 8 za kasi hiyo katika wiki ya tatu.

Rudi kwenye karatasi. Alikimbia kilomita 10 za mashindano, kwa nguvu zake zote, kwa dakika 6 kwa kilomita. Ratiba inamtaka siku ya kawaida ya mazoezi akimbie kilomita 8 kwa kasi ambayo hakuishika hata kwenye mashindano hayo. Haitawezekana, na yeye atadhani tatizo ni uvivu wake.

Unaweza kujipima mwenyewe kwa fomula ya zamani ya Pete Riegel, ambayo hukadiria muda wa umbali mpya kutokana na muda ulioupata tayari:

```
T2 = T1 × (D2 / D1)^1.06
60 × (21.1 / 10)^1.06 ≈ dakika 132
```

Yaani kama saa 2 na dakika 12, karibu dakika 6 na sekunde 17 kwa kilomita. Ni kadirio tu, na huwa na matumaini mengi kwa mtu anayekimbia kilomita chache kwa wiki, lakini linakuonyesha wazi umbali uliopo kati ya ndoto na hali. Kocha anayejua kazi atajenga kasi za mazoezi juu ya hizo dakika 60 za sasa, kisha atazibadilisha utakapomletea muda mpya. Akianzia kwenye muda unaoutamani, ana tatizo.

Mpigo wa moyo nao una mtego wake. Ratiba nyingi huweka mipaka kwa kukadiria mpigo wako wa juu kabisa, yaani kwa kutoa umri wako kutoka 220. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi, na kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini. Kama ratiba haina kipimo kingine cha mbio nyepesi ila namba hiyo, itawaburuza wengine na kuwabana wengine. Kipimo cha kuzungumza hakijapitwa na wakati: kwenye mbio nyepesi uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, na mbio nyepesi ziwe sehemu kubwa zaidi ya wiki. Ratiba yenye siku tatu au nne ngumu kwa mtu anayekimbia siku tano ni ya kuonyesha bidii tu.

Hatua ya 4: Ikiwa inadaiwa imetengenezwa kwa ajili yako, ijaribu

Tovuti na apu nyingi husema ratiba yao imebinafsishwa. Njia ya kupima haichukui muda. Jaza fomu kwa ukweli, upige picha ya wiki za mwanzo. Kisha ijaze tena, ubadilishe jibu moja tu lenye uzito: badala ya kilomita 22 kwa wiki andika 45, au sema uliumia muundi miezi mitatu iliyopita. Ikiwa wiki ya kwanza haikubadilika, swali liliwekwa ili ujisikie umesikilizwa. Kwa kocha fanya vivyo hivyo kwa kumtafuta mtu mwingine anayefundishwa naye na kulinganisha wiki. Wawili wenye umri na uwezo tofauti wanaopewa kilomita zile zile, siku zile zile, wananunua karatasi moja.

Ratiba ya jumla si dhambi, lakini. Kwa mtu asiye na historia ya kuumia, anayejua kujizuia, na ambaye anataka kumaliza tu, ratiba nzuri ya bure inatosha kabisa. Kocha ana faida pale panapohitajika uamuzi: umeumia mara mbili, muda wako umekwama misimu kadhaa, kazi yako ina zamu zinazobadilika, au umetoka kujifungua. Unalipia uamuzi wake. Kwa hiyo kocha asiyebadilisha chochote ana thamani ya ratiba ya bure.

Hatua ya 5: Muulize kocha kuhusu wiki itakayoharibika

Vyeti ni vya kuuliza, na uulize. Shirikisho la Riadha la Dunia lina mfumo wake wa ngazi wa kufundisha makocha, na mashirikisho mengi ya kitaifa yanautumia au yana wao. Cheti kinathibitisha kwamba mtu amepita darasani. Mbio zake mwenyewe zinathibitisha machache hata kuliko cheti. Aliyekuwa na kasi kubwa akiwa kijana anaweza kuwa hajawahi kujua mwili wa mtu wa miaka 45 anayekaa kitini mchana kutwa. Maswali yanayofichua zaidi ni ya matatizo.

Uliza hili: "Nikipata homa nikakosa siku tano, nifanye nini nikirudi?" Jibu zuri litaanza na swali, ilikuwa homa ya aina gani, bado una kikohozi, usingizi ukoje, kisha litafuata jambo kama siku mbili tatu za mbio fupi nyepesi kabla ya kurudi kwenye kasi, na mazoezi yaliyokosekana yanaachwa yapite. Jibu baya ni kukuambia uyafidie, ukibana ya siku tano kwenye siku tatu.

Kisha uliza la maumivu. Mkimbiaji wetu angeandika: "Kocha, mwaka jana muundi uliniuma. Ukianza tena wiki ya tano utanishauri nini?"

Kocha mmoja anajibu: "Maumivu ni ya kichwani. Weka barafu, kaza moyo, wanaoacha ndio wanaoshindwa."

Mwingine anajibu: "Nitataka kujua yanauma eneo refu la mfupa au sehemu moja ndogo unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole. Yanapungua ukishapata joto au yanazidi kadiri unavyokimbia? Yanauma usiku umelala? Kama ni sehemu moja, yanazidi, au yanakuamsha, unasimama kukimbia na unaonwa na daktari kabla hatujaendelea. Tutapanga baiskeli au kuogelea wakati unasubiri."

Huyo wa pili anajua kutofautisha mfupa uliochoka na mfupa ulioanza kupata ufa, na pia anajua kazi yake inaishia wapi. Kocha anayekutajia jina la ugonjwa kwa video ya sekunde kumi na kukupa dawa amevuka mpaka. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji yanastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu yanaweza kutoka kwenye shingo ya mfupa wa paja, na ufa wa hapo ukipuuzwa huweza kuishia kwenye upasuaji. Kocha yeyote anayekuambia umalizie mazoezi ya wiki huku unachechemea, huhitaji ushahidi mwingine.

Dalili za kukimbia mbali

Ahadi ya muda ni ya kwanza. Hakuna anayeweza kukuhakikishia saa 1 na dakika 50 kabla hajaona wiki zako sita za mazoezi, na hata baada ya hapo atasema "inawezekana". Ushuhuda wa waliofanikiwa hauna uzito kama hujui waliojiunga walikuwa wangapi. Muulize kocha: katika waliokuja kwako msimu uliopita, wangapi walifika siku ya mashindano wakiwa wazima? Asiyehesabu majeruhi wake hatahesabu wako.

Uzito ndio nataka tukae nao kidogo. Kocha anayekupima kwenye mizani mbele ya wenzako, anayekuwekea uzito wa kufikia bila kukuuliza unakula nini, au anayesema kila kilo unayotoa ni sekunde unazopata, anacheza na jambo lenye madhara makubwa. Mwaka 2019 Mary Cain, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji vijana wenye kasi zaidi nchini kwao, alieleza hadharani kwamba katika kundi la mazoezi alilojiunga nalo akiwa kijana alishinikizwa apungue na apungue tena, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoifanya huanza kufunga shughuli nyingine: hedhi inakoma, mifupa inadhoofika, usingizi na hamu ya tendo la ndoa vinapungua, na wanaume hawajasalimika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hiyo 2014, na limesasishwa tangu hapo. Kocha anayesikia kwamba hedhi ya mwanafunzi wake imekoma akamwambia ni dalili ya kuiva kimazoezi, aachwe siku hiyo hiyo.

Virutubisho ni dalili nyingine, hasa kama yeye ndiye anayeviuza. Kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinamfanya mwanariadha awajibike kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na kocha na hata kama hakikuandikwa kwenye chupa. Dawa isiyo na jina, sindano ya "vitamini", kidonge cha kumeza bila kuuliza: kataa.

Na kuna usiri. Kocha asiyetaka uongee na daktari, na wakimbiaji wengine au na mzazi wako kama bado u mdogo, anayekutumia ujumbe wa faragha usiku na kukuomba usimwonyeshe mtu, hana hoja ya kimichezo hapo. Kwa mtoto, mazoezi yafanyike mahali pa wazi na ujumbe upite kwa mzazi pia. Hili halina mjadala.

Mkataba wa mwaka mzima unaolipwa wote mwanzoni nauweka chini zaidi kwenye orodha, lakini upo. Kocha anayejiamini hukubali mwezi au miezi miwili kwanza.

Hatua ya 6: Mpe wiki sita, ukiwa umeshajua utaangalia nini

Ukishachagua, usipime kwa kuuliza kama umekuwa na kasi zaidi. Wiki sita ni chache mno kwa hilo. Angalia kama ratiba imebadilika angalau mara moja kutokana na ulichokiandika. Ukimwambia mbio ya jana ilikuwa nzito na miguu ilikataa, je, wiki hii ilisogezwa, au ulipata kidole gumba tu? Angalia kama mbio zako nyepesi zinazidi kuwa rahisi kwa kasi ile ile, yaani mpigo uko chini kidogo au unaongea kwa urahisi zaidi, hali ya hewa ikiwa sawa. Angalia pia kama unaweza kueleza kwa nini siku ya Jumatano iko hivyo ilivyo. Kocha mzuri hueleza sababu kwa sentensi moja, bila kukasirika.

Mkimbiaji wetu, kwa mfano, katika wiki ya tano anaandika kwamba muundi umeguswa kidogo baada ya siku ya kasi, eneo refu, ukapona kesho yake. Kocha anaondoa siku ya kasi wiki hiyo, anaacha mbio ndefu ilivyo lakini anaomba ikimbiwe kwenye udongo, na anataka taarifa kila asubuhi kwa siku nne. Hiyo ndiyo huduma aliyoilipia, hata kama kwenye karatasi inaonekana kama mazoezi yamepungua.

Ukiamua kuondoka, pakua kwanza kumbukumbu zako za mazoezi kutoka kwenye apu au akaunti yake, kwa sababu nyingine hufungwa siku malipo yanapokoma. Kocha atakayefuata atahitaji zile wiki nne za mwisho kabla ya jambo jingine lolote.